MAZUNGUMZO JUU YA USAJILI WA WASHAURI NA MAWAKALA WA KODI

Yafuatayo ni maneno kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Babati, Mkoa wa Manyara, na mhasibu mmoja wa mji huo mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi. Yanachapishwa hapa kwa sababu kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, na yaliyosemwa Babati juu ya kodi hizo yanamhusu pia mkaazi wa Unguja na Pemba.

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Viongozi na Watumishi wa Serikali,
Ndugu Wananchi,

Nimeombwa nieleze ni nani anayeruhusiwa kisheria kumshughulikia mtu mambo yake ya kodi kwa malipo, anatakiwa awe na sifa gani, anafungwa na masharti gani katika mwenendo wake, na kwa nini kibali chake huhuishwa kila mwaka. Nitaeleza hayo kwa kufuata mkasa mmoja nilioushughulikia mwenyewe hapa Babati. Mhusika ameniruhusu niusimulie, ila jina lake halitatajwa, wala jina la yule aliyemtia hasarani.

Bwana huyu ana kampuni ndogo ya kununua mazao. Hununua mbaazi, mahindi na alizeti kutoka vijiji vya wilaya yetu na kupeleka Arusha na Dar es Salaam. Mnamo mwezi Agosti 2017, Serikali ya India iliweka mipaka juu ya uingizaji wa mbaazi nchini mwake, na bei ya mbaazi huku kwetu ikaporomoka. Waliokuwa wamejaza maghala kwa bei ya juu waliuza kwa bei ya kutupa. Kampuni ya bwana huyu ilipata hasara ya shilingi milioni 9 mwaka huo. Mwaka uliofuata, 2018, aligeukia mahindi na alizeti akapata faida ya shilingi milioni 40.

Kabla ya hapo alikuwa amejuana na kijana mmoja mwenye ofisi nzuri karibu na stendi. Juu ya mlango wake kulikuwa na kibao kilichosema kwamba yeye ni mhasibu, mshauri wa kodi na wakala wa forodha, vyote kwa pamoja. Walikubaliana kwa mdomo. Kila robo ya mwaka mwenye kampuni alimpa kijana fedha taslimu akalipe kodi ya makadirio, na mwisho wa mwaka kijana alitengeneza ritani na kuchukua asilimia 10 ya kile alichokiita kodi iliyookolewa.

Nianze na kile kibao, kwa sababu ndani yake mlikuwa na vibali vitatu tofauti, na watu wengi, hata sisi watumishi, huvichanganya.

Kibali cha kwanza ni cha uhasibu. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kifupi chake NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi hiyo ndiyo inayotunga mitihani ya taaluma na kuweka daftari la wahasibu kwa ngazi zao. Kufaulu mtihani wa mwisho hakumfanyi mtu kuwa mhasibu aliyeidhinishwa. Lazima pia awe amefanya kazi kwa vitendo chini ya usimamizi kwa muda uliowekwa, na aombe kuandikishwa. Na hata akishaandikishwa, bado hana ruhusa ya kufungua ofisi ya kuhudumia umma na kutia sahihi hesabu zilizokaguliwa. Kwa hilo anahitaji cheti kingine cha Bodi, cha kufanya kazi ya hadhara. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mhasibu halali kabisa katika halmashauri au katika ushirika, na wakati huohuo asiwe na haki ya kukagua hesabu za kampuni ya jirani yake.

Kibali cha pili ni cha ushauri wa kodi. Hiki hakitolewi na Bodi ya wahasibu bali na Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Wanaokiomba si wahasibu peke yao. Wapo wanasheria, wapo waliosomea kodi katika Chuo cha Kodi kilichoko Dar es Salaam au katika vyuo vikuu, na wapo waliotumikia kazi ya kodi kwa miaka mingi kisha wakastaafu. Mwombaji huleta vyeti vya elimu, vyeti vya taaluma na maelezo ya kazi alizofanya. Yeye mwenyewe pia ni mlipa kodi mwenye namba yake, na mambo yake hutazamwa kwanza. Anayekubaliwa huingizwa katika orodha ya washauri wa kodi waliosajiliwa, ambayo Mamlaka huitangaza kwa umma, na usajili huo ni wa mwaka.

Kibali cha tatu ni leseni ya wakala wa forodha. Hii hutolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ni sheria moja kwa nchi wanachama. Wakala hutakiwa awe na watumishi waliofuzu mafunzo ya forodha na uwakala yanayotambuliwa katika Jumuiya, na aweke dhamana. Leseni hiyo humalizika tarehe 31 Desemba ya kila mwaka, hata kama ilitolewa mwezi wa Oktoba. Na sheria hiyo ina jambo ambalo wengi hawalijui. Wakala anayetoa bidhaa kwa niaba ya mwenye mali huhesabiwa kama ndiye mwenye mali, kwa maana ya kwamba ushuru ukipungua anaweza kudaiwa yeye. Mwenye mali naye haondokewi na deni. Wote wawili wanashikwa.

Nimesimama hapo kidogo kwa sababu katika kodi ya mapato mambo hayako hivyo. Mshauri wa kodi haingii mahali pa mlipa kodi. Ritani ni ya mlipa kodi, sahihi ya tamko ni yake, na deni ni lake hata kama hakuisoma ritani yenyewe. Mwenye kampuni wetu alidhani kwamba akishampa kijana kazi, amempa na deni. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na ndilo lililozaa mengine yote.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Alikuwa na diploma ya uhasibu, nayo ilikuwa ya kweli. Hakuwa na cheti cha kufanya kazi ya hadhara, jina lake halikuwamo katika orodha ya washauri wa kodi, na leseni ya forodha hakuwahi kuwa nayo. Mtu kama huyo ndiye anayeitwa kishoka. Si lazima awe mjinga wa kazi. Huyu aliifahamu kazi vizuri kuliko baadhi ya wenye vyeti, na hiyo ndiyo sababu watu walimwamini. Alichokosa ni mtu wa juu yake anayeweza kumwita na kumuuliza.

Ndugu Wananchi,

Ritani ya kampuni inayofunga hesabu mwezi Desemba inatakiwa ifike Mamlaka ndani ya miezi sita, yaani kufikia tarehe 30 Juni. Ritani ya mwaka 2018 ilipelekwa kwa wakati, mwezi wa Juni 2019. Ilionyesha faida ya shilingi milioni 12 badala ya milioni 40. Tofauti ya milioni 28 ilifichwa kwa kuandika gharama za usafirishaji. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo badala ya kodi ya shilingi milioni 12 ilionyeshwa kodi ya shilingi 3,600,000. Kodi iliyookolewa, kwa hesabu ya kijana, ilikuwa shilingi 8,400,000, naye akachukua asilimia yake 10, shilingi 840,000. Alilipwa taslimu bila stakabadhi.

Hapa nataka nieleze kifungu kimoja cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ambacho kingemwokoa mwenye kampuni kama angekijua. Sheria hiyo inasema kwamba mtu asiye mwajiriwa wa mlipa kodi, ambaye kwa malipo ametengeneza ritani au amesaidia kuitengeneza, naye atie sahihi katika ritani hiyo. Kwa sahihi hiyo anathibitisha kwamba amezipitia nyaraka za mlipa kodi, na kwamba kwa kadiri ya ufahamu wake ritani inaonyesha hali ya kweli na ya haki. Na akikataa kutia sahihi, anatakiwa ampe mlipa kodi maelezo kwa maandishi ya sababu za kukataa kwake.

Tazameni jinsi kifungu hiki kinavyofanya kazi. Mshauri halali hutia sahihi, na kwa hiyo anauliza hati. Atakusumbua. Atataka daftari la manunuzi, hati za lori na stakabadhi za benki. Akiona gharama ya milioni 28 isiyo na hati ataikataa, kwa kuwa jina na namba yake vinakwenda pamoja na karatasi ile. Kishoka hatii sahihi popote. Ritani ya bwana wetu ilionekana kana kwamba aliijaza mwenyewe, peke yake, usiku nyumbani kwake. Basi ukitaka kumpima mtu anayetaka kukushughulikia kodi yako, mwombe kabla ya kuanza kazi akuonyeshe mahali atakapotia sahihi yake. Jibu lake litakutosha.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 imeweka adhabu juu ya mtu anayejua na bado anamsaidia, kumshauri au kumshawishi mwenziwe avunje sheria ya kodi. Adhabu hiyo ni sawa na kodi yote iliyopungua, na inamwangukia huyo msaidizi mbali na ile inayomwangukia mlipa kodi. Ila ili msaidizi ashikwe, lazima aonekane. Na mtu asiye na sahihi, mkataba wala stakabadhi ni vigumu kumwonyesha.

Kuhusu ujira wa asilimia, nitasema kwa uangalifu. Kanuni za maadili ya wahasibu zinazofuatwa ulimwenguni, na ambazo Bodi yetu imezikubali, hazikatazi kila aina ya malipo yanayotegemea matokeo. Zinayakataza kwa mkaguzi wa hesabu katika kazi ya ukaguzi, na katika kazi nyingine zinamtaka mhasibu ajiulize kama malipo hayo yanamtia tamaa ya kupotosha ushauri. Mimi kwa upande wangu sioni namna asilimia 10 ya kodi iliyopungua inavyoweza kumwacha mtu na mizani iliyo sawa. Kadiri kodi inavyopungua yeye anaongezeka, na siku deni likirudi yeye harudishi kitu. Tangu mwezi Julai 2025 kanuni hizo zimeongezewa sehemu juu ya mipango ya kodi. Mhasibu sasa anatakiwa ashauri mpango wa kupunguza kodi pale tu anapoona upo msingi wa kuaminika katika sheria, na akumbuke kuandika hoja zake. Gharama ya kubuni haina msingi wa namna yoyote.

La kuhuzunisha ni kwamba njia halali ya kupunguza kodi ilikuwapo, na kijana hakuitazama. Hasara ya milioni 9 ya mwaka 2017 ingeweza kubebwa mbele na kupunguzwa katika faida ya 2018. Kodi ingepungua kwa shilingi 2,700,000 bila uongo wowote. Lakini ili hasara ibebwe ni lazima iwe imetangazwa na iwe na hesabu. Kijana alipeleka ritani ya 2017 ikionyesha sifuri, kwa sababu kutengeneza hesabu za hasara ni kazi, na hasara haina asilimia 10.

Mwaka 2020 maofisa wa Mamlaka waliipitia ritani ya 2018. Waliomba hati za usafirishaji, hazikutolewa, wakatoa makadirio ya nyongeza ya shilingi 8,400,000 pamoja na riba na adhabu. Mwenye kampuni hakujua lolote kwa siku 26.

Sababu yake ni ndogo na inaumiza. Alipoandikishwa namba ya mlipa kodi miaka mingi nyuma, kijana ndiye aliyejaza fomu, na katika nafasi ya simu na barua pepe aliandika zake mwenyewe. Mwenye kampuni hakuwa na barua pepe, akaona ni msaada. Kwa hiyo taarifa za Mamlaka zote, za tarehe za ritani, za madeni na za makadirio, zilikuwa zikimfikia kijana. Hata neno la siri la kuingilia katika mtandao wa ritani lilikuwa kwake. Ile taarifa ya makadirio ilipofika, aliisoma, akafunga ofisi, akahama mji. Mwenye kampuni aliijua habari hiyo alipokwenda mwenyewe katika ofisi ya Mamlaka hapa Babati kwa shughuli nyingine.

Ndipo alipokuja kwangu, akiwa na karatasi moja mkononi.

Sheria inampa mlipa kodi siku 30 tangu kupokea makadirio awasilishe pingamizi kwa maandishi akieleza sababu zake. Tulikuwa na siku nne. Na pingamizi haipokelewi mpaka mlipa kodi alipe kiasi kisichobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Sheria inaruhusu kuomba muda zaidi kwa sababu ya ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi, lakini hatukutaka kuiweka kampuni yote juu ya ombi hilo.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba sitaandika neno lolote ambalo yeye hawezi kulithibitisha. Tulikaa chini tukatenganisha. Katika zile milioni 28 za usafirishaji, milioni 20 hazikuwa na ukweli wowote. Milioni 8 zilikuwa za kweli, maana malori yalikwenda Dar es Salaam, ila kijana alikuwa amezichanganya na za uongo na hati zake hazikutunzwa. Hizo milioni 8 zilikuwa na kodi ya shilingi 2,400,000. Tukaongeza na ile hasara ya 2017, yenye kodi ya shilingi 2,700,000. Kwa hiyo tulichobishia kilikuwa shilingi 5,100,000, na kisichobishaniwa kikabaki shilingi 3,300,000. Theluthi ya milioni 8 na laki 4 ni shilingi 2,800,000. Kikubwa ni kile cha kwanza. Bwana yule aliuza ng'ombe mnadani, akakopa kidogo kwa shemeji yake, na siku ya 29 shilingi 3,300,000 zikalipwa benki na pingamizi likapokelewa siku hiyohiyo.

Hati za lori tulizitafuta kwa njia ambayo naitaja kwa sababu yaweza kuwafaa wengine. Wenye malori wawili walikuwa bado wana madaftari yao ya safari. Na kila shehena iliyotoka ilikuwa imelipiwa ushuru wa mazao wa halmashauri kizuizini, na nakala za stakabadhi hizo zilikuwa na tarehe, uzito na namba ya gari. Tulipopanga stakabadhi za ushuru, madaftari ya malori na malipo ya wanunuzi yaliyoingia benki katika mstari mmoja, safari zilionekana zenyewe. Gharama ya milioni 8 ilikubaliwa. Hasara ya 2017 haikukubaliwa, kwa kuwa kampuni haikuwa na hesabu za mwaka ule wala hati za kutosha za manunuzi. Sikushangaa. Mimi pia nisingeikubali kwa karatasi tulizokuwa nazo.

Basi kodi iliyobaki juu yake ilikuwa shilingi milioni 6, ambayo alikwisha kulipa shilingi 3,300,000. Zilibaki shilingi 2,700,000, kiasi kilekile cha hasara aliyoshindwa kuithibitisha, pamoja na riba, ambayo huongezeka mwezi hadi mwezi, na adhabu. Aliruhusiwa kulipa kwa awamu.

Lakini lilikuwapo na jingine. Katika kupitia malipo ya makadirio ya 2018, yale ya mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, tulikuta kwamba mwenye kampuni alitoa shilingi 900,000 mara nne. Zilizoingia Serikalini ni za Machi na Juni tu. Stakabadhi za Septemba na Desemba zilikuwa karatasi za kughushi, zimechapwa vizuri kwa namba isiyokuwapo. Shilingi 1,800,000 nyingine.

Hapa ndipo kanuni moja ya mwenendo inapopata maana yake. Maadili ya wahasibu yanasema kwamba fedha ya mteja iliyo mikononi mwa mhasibu iwekwe mbali na fedha yake mwenyewe, itumike kwa kazi iliyokusudiwa tu, na awe tayari wakati wowote kutoa hesabu yake. Hiyo ni kanuni nzuri. Hata hivyo nawashauri muifanye isihitajike kabisa. Siku hizi kila malipo ya Serikali yana namba yake ya kumbukumbu. Mshauri akutengenezee namba hiyo, kisha wewe mwenyewe ulipe benki au kwa simu yako, na ujumbe wa kuthibitisha ukujie wewe. Hakuna sababu tena ya fedha ya kodi kupita katika mfuko wa mtu wa tatu. Mimi mwenyewe siipokei, hata mteja akiwa mgonjwa kitandani. Hutuma mwanawe.

Ndugu Mwenyekiti,

Nimeulizwa kabla ya kikao hiki kwa nini usajili uwe wa kila mwaka, na kwa nini mtu asipewe cheti kimoja cha maisha kama cheti cha shule. Cheti cha shule kinasema ulijua kitu fulani siku fulani. Sheria ya Fedha hubadilisha kodi kila mwezi wa Julai. Mfano ni kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujiandikisha kodi ya ongezeko la thamani huku Tanzania Bara, kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Mshauri aliyelala mwaka ule alikuwa bado akiwaandikisha watu wasiotakiwa. Kuhuisha usajili kunamrudisha mezani. Kunaipa Mamlaka nafasi ya kumtazama tena, na kumwondoa bila kesi ndefu yule asiyefaa. Kwa jirani zetu wa Uganda, sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2014 imeunda kamati maalumu ya kuwasajili mawakala wa kodi, na imetaja wazi mambo yanayoweza kumfutia mtu usajili: ritani aliyotengeneza ikiwa ya uongo katika jambo la msingi naye akashindwa kuonyesha kwamba hakukusudia wala hakuzembea, akipoteza sifa alizosajiliwa nazo, au akifanya utovu wa maadili ya taaluma. Kenya nao wana utaratibu wa leseni kwa mawakala wao katika sheria yao ya mwaka 2015.

Udhaifu wa usajili wa mwaka ni kwamba cheti kilichopita muda wake bado kinapendeza ukutani. Nimeona vyeti vya miaka mitano nyuma vimewekwa kwenye fremu nzuri, na wateja hawatazami tarehe. Kwa hiyo msiishie kwenye fremu. Tazameni orodha ya Mamlaka ya mwaka huu, au ulizeni katika ofisi yake iliyo karibu. Kama ni ofisi yenye wahasibu kadhaa, ulizeni yupi kati yao ndiye atakayeshika kazi yenu na kama yeye mwenyewe amesajiliwa. Na kama ni kazi ya ukaguzi wa hesabu, swali liende kwa Bodi ya wahasibu.

Nimalizie na neno kwa watumishi wenzangu wa Serikali, kwa kuwa wapo humu ndani wanaojaza ritani za watu jioni baada ya kazi. Mwalimu au karani anayemsaidia jirani yake bila malipo kuelewa fomu hafanyi kosa, na sisemi aache. Lakini anapopokea malipo, hata ya shilingi elfu ishirini, ameingia katika kile kifungu cha sahihi nilichokieleza, na amejiweka wazi kwa ile adhabu ya msaidizi. Na awe mwangalifu zaidi kama kazi yake ya mchana inampa habari za biashara za watu, kwa mfano karani wa leseni au wa ushuru wa mazao. Mteja wake wa jioni ni mtu yuleyule aliyesimama mbele ya dirisha lake asubuhi.

Bwana wa mkasa wetu amebadilisha simu na barua pepe katika usajili wake. Ziko kwa jina la binti yake, aliyemaliza kidato cha sita na ambaye sasa ndiye anayefungua taarifa za Mamlaka kila Jumatatu. Awamu ya mwisho ya deni aliilipa mwaka 2021. Mshauri anayemshughulikia hivi sasa si mimi. Ni mwanamama aliyesajiliwa ambaye hudai hati kwa ukali kuliko nilivyozoea, na bwana huyo hunilalamikia juu yake kila tunapokutana sokoni.